Kupanga upya vigae vya juu ya simu ili unavyovitumia zaidi vikae mbele

Ukishusha pazia la juu la simu mpya ya Android, kigae, yaani kitufe cha kuwasha au kuzima kitu, cha kwanza kukutana nacho mara nyingi ni Wi-Fi au Intaneti, na Bluetooth inafuatia. Mpangilio huo unamfaa mtu mwenye Wi-Fi nyumbani na vifaa vya masikioni visivyo na waya. Mtu wa Tandahimba anayetumia kifurushi cha siku, anayewasha data asubuhi kuona kundi la chama cha msingi limesema nini kuhusu mnada wa korosho kisha anaizima, anahitaji vitu vingine kabisa: data, tochi, hotspoti, kiokoa betri. Vyote anavyo humo humo kwenye simu, ila vimejificha ukurasa wa pili, na kila siku anavifuata huko huko.

Kuvihamisha ni kazi ya dakika tano. Kinachohitaji akili ni kuamua kipi kikae wapi, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi. Mfano wangu ni simu ya shemeji yangu, wakala wa fedha pale Mikindani, kwa sababu kazi yake inamlazimu kushika simu kwa mkono mmoja huku mwingine ukihesabu noti.

Kwanza, lione pazia lako linavyoshuka

Vuta kidole kimoja kutoka juu kabisa ya skrini kuja chini, mara moja tu, kisha acha. Utaona arifa, na juu yake vigae vichache. Vuta tena mara ya pili: sasa vigae vinafunguka vyote, na kama ni vingi vinagawanyika kurasa ambazo unazipitia kwa kutelezesha kidole pembeni. Kwenye simu nyingi, ukivuta kwa vidole viwili kwa pamoja unafika moja kwa moja kwenye vigae vyote bila kupita hatua ya kwanza.

Hesabu vile vichache vinavyoonekana kwenye mvuto wa kwanza. Kwenye Android safi, ile ambayo kampuni ya simu haikuibadilisha sura, kuanzia toleo la 12 lililotoka 2021, kwa kawaida ni vinne vilivyopangwa viwili juu na viwili chini. Kwenye Samsung za kabla ya One UI 7, toleo la sura ambayo Samsung huivika Android yao, na kwenye simu nyingine nyingi, ni safu moja ya viduara vitano au sita. Idadi hiyo ndiyo mtaji wako wote. Kigae kinachofuata baada yake, hata kama ni kimoja tu mbele, tayari kinadai mvuto wa pili, na ukiwa na haraka utakiona kipo mbali sawa na cha ishirini.

Samsung zilizopokea One UI 7 mwaka 2025 zina tabia tofauti: ukivuta kutoka kona ya juu kulia unapata vigae, ukivuta kutoka sehemu nyingine ya juu unapata arifa peke yake. Wengi hudhani simu imeharibika. Ukitaka virudi pamoja, fungua upande wa vigae, gusa alama ya kalamu, ingia “Panel settings”, chagua “Together”.

Chagua kwa matumizi, usichague kwa jina

Android haikuhesabii umegusa kigae gani mara ngapi, kwa hiyo hesabu hiyo unaifanya mwenyewe. Kwa siku ya kazi ya kawaida, kila unaposhusha pazia, andika pembeni umelishusha kwa ajili gani. Shemeji alitumia ukurasa wa nyuma wa daftari lake la miamala. Alikuwa na hakika kwamba Bluetooth ataihitaji sana kwa sababu ya spika ndogo ya dukani. Daftari likasema vingine. Data iliongoza kwa mbali. Tochi ikafuata, maana kibanda kina giza kwenye droo na umeme ukikatika jioni anahitaji mwanga kabla ya kitu kingine chochote. Halafu hotspoti, kwa ajili ya simu ya pili anayotumia kwa programu ya uwakala, na kiokoa betri kuanzia saa kumi alasiri. Spika aliiwasha asubuhi na hakuigusa tena mpaka anafunga.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko wingi wa kugusa, nacho ni haraka. Tochi yaweza kutumika mara mbili kwa siku, lakini zote mbili ni gizani. Kigae cha kuzungusha skrini unaweza kukigusa mara nne, ila siku zote umekaa umetulia unatazama video. Tochi ipewe nafasi ya mbele, kuzungusha skrini kusubiri ukurasa wa pili.

Wenye simu za Android safi watakutana na kikwazo kimoja kwenye data. Toleo la 12 liliunganisha Wi-Fi na data ya simu kuwa kigae kimoja kinachoitwa “Internet”, au “Intaneti” kama simu yako imewekwa Kiswahili. Ukikigusa, data haizimi hapo hapo. Linafunguka dirisha dogo lenye swichi ya Wi-Fi na swichi ya data, ndipo unachagua. Huko usihangaike kutafuta kigae cha data peke yake. Samsung wao wamekiacha kigae hicho kikiwa peke yake, na simu nyingine zenye sura zao wenyewe, Tecno na Infinix zikiwemo, mara nyingi zimefanya hivyo pia.

Kuhamisha vigae

Shusha pazia mara mbili ili vigae vyote vifunguke, kisha tafuta alama ya kalamu. Huwa iko chini ya vigae au juu kulia, karibu na alama ya gurudumu la mipangilio. Kwenye Samsung za matoleo ya nyuma hakuna kalamu. Gusa vidoti vitatu vya kona ya juu kulia, kisha “Edit buttons”.

Ukurasa wa kuhariri una sehemu mbili. Sehemu moja ina vigae vinavyotumika, vikiwa katika mpangilio utakaouona kila siku. Nyingine ina vigae vya akiba, ambavyo simu inavyo lakini haivionyeshi. Kwenye Android safi ya Kiswahili, sehemu ya juu ina maneno yanayokuambia ushikilie na uburute ili kupanga upya. Fanya hivyo hivyo: bonyeza kigae bila kuachia mpaka kiinuke, kisogeze hadi mahali unapotaka, vingine vipishe, ndipo uachie. Ukikiachia kabla vingine havijapisha, kinarudi kilikotoka, na hilo ndilo linalowafanya watu waseme simu yao inakataa.

Kwa shemeji tulianza na data tukaipeleka mahali pake, ikafuata tochi, halafu hotspoti ambayo ilikuwa kwenye akiba kabisa. Hili la mwisho ni la kawaida sana: simu nyingi hutoka kiwandani na hotspoti ikiwa nje ya pazia, na mwenye simu anaishia kuifuata ndani ya mipangilio hatua tatu au nne kila anapoihitaji. Ukiwa hapo, pitia akiba yote. Unaweza kukuta kigae cha kurekodi skrini au cha kusoma msimbo wa QR ambacho hukuwahi kujua kipo.

Vile usivyovitumia vishushe kwenye akiba. Kuondoa kigae hakuzimi wala hakufuti kitu chochote. Bluetooth iliyoondolewa kwenye pazia bado iko ndani ya mipangilio na bado itaunganisha spika. Usiviondoe vyote kwa hamu ya usafi, lakini. Ukurasa mmoja uliojaa ni mzuri kuliko kurasa tatu, na pia ni mzuri kuliko vigae vitano vinavyokulazimisha kuingia mipangilio kila siku ya pili.

Ukimaliza, kwenye Android safi gusa mshale wa kurudi, mabadiliko yamekwisha kuhifadhiwa. Kwenye Samsung gusa “Done”. Kisha funga pazia, livute mara moja, na utazame kama vile vya mbele ndivyo ulivyovitaka.

Mbele si lazima iwe karibu

Hapa ndipo miongozo mingi inapomwacha mtu. Inamwambia aweke kigae muhimu namba moja. Namba moja ni kona ya juu kushoto, na kwa mtu anayeshika simu kubwa kwa mkono wa kulia hakuna mahali palipo mbali na dole gumba kama hapo.

Shika simu yako kama unavyoishika ukiwa umesimama, vuta pazia, na bila kubadilisha mshiko jaribu kugusa kila kigae cha mvuto wa kwanza. Kwa vigae vinne vya Android safi, mkono wa kulia hufika kirahisi namba nne, iliyo chini kulia, halafu namba mbili juu yake, halafu namba tatu. Namba moja inakutaka uinue simu au ulete mkono wa pili. Kwa safu moja ya viduara sita, cha sita ndicho kilicho karibu na cha kwanza ndicho kilicho mbali. Mwenye kutumia mkono wa kushoto ageuze hesabu yote.

Shemeji hushika simu kwa mkono wa kulia, na simu yake ina safu ya sita. Tulimpangia hivi, tukianzia kushoto: usinisumbue, mahali, kiokoa betri, hotspoti, tochi, data. Ukiitazama kwa macho inaonekana imepinduliwa, maana kinachotumika zaidi kiko mwisho. Siku mbili za kwanza alilalamika. “Shemeji, umenichanganyia simu,” aliniambia, kwa sababu kidole kilishazoea kwenda kushoto kutafuta data. Kidole husahau taratibu, na kwa sababu hiyo ukishapanga usipange tena wiki hiyo hiyo. Kubadilisha kila baada ya siku mbili ni kuondoa faida yote, kwa kuwa kasi inatoka kwenye mazoea ya mkono, macho hayana kazi hapo.

Kama hata kufikia juu kabisa ya skrini ni shida, simu kadhaa zinaruhusu pazia livutwe kutoka popote kwenye skrini ya mwanzo. Kwenye Samsung, bonyeza kwa muda sehemu tupu ya skrini ya mwanzo, gusa “Settings”, kisha washa “Swipe down for notification panel”.

Hali ya ndegeni ikae peke yake

Kuna kigae kimoja ambacho nafasi yake inapangwa kwa kukihofia. Hali ya ndegeni ikiwa jirani na tochi, siku moja kidole kitateleza. Kwa mtu wa kawaida hasara ni simu mbili tatu kumkosa. Kwa wakala ni kazi kusimama, kwa sababu menyu za fedha kama `*150*00#` hazihitaji data lakini zinahitaji mtandao wa simu wenyewe. Ukizima data, menyu bado inafunguka. Ukiwasha hali ya ndegeni, haifunguki, na mteja amesimama mbele yako na mzigo wake kichwani. Ukiona menyu ya fedha inagoma ghafla, tazama juu ya skrini kama kuna alama ya ndege kabla hujaanza kulaumu mtandao. Kipeleke kigae hicho mwisho wa ukurasa wa pili. Mtu wa huku anakihitaji mara chache.

Hotspoti na data, kwa upande mwingine, hazina ubaya kukaa pamoja, kwa kuwa hotspoti haifai bila data. Ukibonyeza kigae cha hotspoti bila kuachia, unaingia moja kwa moja kwenye ukurasa wake, ambako unabadilisha nywila siku vijana wa jirani wamekwisha kuijua. Kanuni hiyo inafanya kazi karibu kwa vigae vyote: kugusa kunawasha au kuzima, kubonyeza kwa muda kunafungua mipangilio yake.

Wanaokwenda mpakani, Kilambo au Daraja la Umoja kule Mtambaswala, wana sababu ya ziada ya kuweka data karibu. Ng'ambo ya Ruvuma kuna mitandao ya Msumbiji, na simu ikishika mnara wa huko inakuwa ugenini. Bonyeza kigae cha data kwa muda, na kwenye ukurasa utakaofunguka, au kwenye mipangilio ya laini, hakikisha “Roaming” imezimwa. Dalili ya kuwa umehama mtandao bila kuvuka ni herufi R karibu na alama za mtandao, au saa ya simu kurudi nyuma saa nzima, maana Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja na simu nyingi hufuata saa ya mtandao.

Chini ya vigae: arifa

Vigae vikishakaa sawa, utagundua nusu ya usumbufu ulikuwa kwenye arifa. Unashusha pazia kutafuta meseji ya muamala, unakuta programu ya kubashiri, mchezo wa mtoto na tangazo la kusafisha simu vimejipanga juu yake.

Kuanzia Android 11 ya mwaka 2020, arifa hupangwa kwa makundi: mazungumzo juu, arifa zenye mlio zinafuata, zile za kimya chini. Huwezi kuzivuta kwa kidole kama vigae, ila unaweza kuzihamisha kundi. Arifa ya kero inapofika, usiifute. Ibonyeze kwa muda, yatatokea machaguo, chagua “Silent” au “Kimya” nayo itashuka chini bila mlio, au zima kabisa hapo hapo. Ukiifuta tu kesho itarudi. Programu nyingi zina aina kadhaa za arifa, kwa hiyo unaweza kuzima matangazo yake ukaacha zile za maana. Ingia mipangilio ya arifa ya programu hiyo uone orodha.

Kwa mazungumzo unayotaka yawe juu siku zote, bonyeza arifa yake kwa muda na uchague “Priority” kama chaguo linaonekana. Shemeji alifanya hivyo kwa kundi la mawakala wenzake, ambako wanaulizana nani ana floti.

Meseji za fedha zinataka tahadhari ya aina yake. Ndani ya pazia unaona jina la mtumaji na mstari mmoja au miwili ya mwanzo, na matapeli wanaandika mistari hiyo ikafanana kabisa na ya kweli. Tofauti mara nyingi iko juu ya maneno: ya kweli inakuja kwa jina la huduma, ya uongo inakuja kwa namba ya kawaida ya simu, au kwa jina ambalo mtu amelihifadhi kwenye simu yako ulipoiacha kaunta. Kwa hiyo pazia likuambie tu kwamba kuna kitu kimeingia. Fedha zitolewe baada ya kutazama salio kwenye menyu.

Jambo moja la kuwasha leo kabla hujalihitaji: nenda kwenye mipangilio, “Notifications”, kisha “Notification history”, uiwashe. Mtoto akigusa “Clear all”, arifa za saa 24 zilizopita utazikuta hapo. Ikiwa imezimwa wakati zinafutwa, hakuna cha kuzirudisha.

Simu ikiwa imefungwa

Funga simu kwa namba ya siri, kisha vuta pazia bila kuifungua. Gusa tochi, inapaswa kuwaka, na hivyo ndivyo unavyotaka usiku. Sasa gusa hali ya ndegeni. Kama imewaka bila kuulizwa namba, basi yeyote atakayeichukua simu yako stendi anaweza kuikata mtandao kwa kugusa mara moja, na wewe ukipiga huipati tena. Samsung wanayo dawa: mipangilio ya skrini iliyofungwa, “Secure lock settings”, kisha “Lock network and security”. Kwenye simu isiyo na kitu kama hicho, kukishusha kigae cha ndege kwenye akiba kunasaidia, maana kisichokuwepo kwenye pazia hakiguswi kutoka kwenye skrini iliyofungwa.

Mpangilio ukivurugika

Kigae kilichofifia kisichokubali kuguswa kwa kawaida kina sababu iliyo wazi. Tochi hufifia kamera ikiwa inatumika. Funga kamera itarudi. Hotspoti inaweza kukataa kuwaka wakati kiokoa data kimewashwa. Kigae cha programu uliyoiondoa kinapotea nayo.

Kikubwa zaidi ni masasisho ya mfumo, ambayo mara nyingine hurudisha vigae kama vilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo ukishapanga, vuta pazia mara moja upige picha ya skrini, kisha vuta mara ya pili upige nyingine, ujitumie mwenyewe mahali pasipopotea simu ikipotea. Baada ya sasisho unafungua picha na kuburuta kimoja kimoja. Usiguse “Reset” kwa kudhani itakurudishia mpangilio wako. Inakurudishia wa kiwanda. Na kama kigae ulichokuwa nacho hakionekani hata kwenye akiba, huenda kimeunganishwa na kingine, kama ilivyotokea kwa Wi-Fi na data. Gusa vile vinavyokaribiana nacho kwa maana, kimoja baada ya kingine, uone dirisha lipi linafunguka.